Kesi ipo mahakamani na mji mzima unaizungumza: tuchapishe nini, tuache nini?

*"Naendesha ukurasa wa habari mkoani kwetu. Wiki iliyopita kijana mmoja amekamatwa kwa mauaji ya mwenye duka la jumla, na watu hawazungumzi kitu kingine. Tumetumiwa video ya dakika mbili akihojiwa na kukiri, tuna picha zake, na jirani anasema alishawahi kufungwa kwa wizi. Mwenzangu anasema tuweke vyote, kwa sababu Tanzania kesi haiamuliwi na wananchi kama Marekani, na jaji hayumbishwi na mitandao. Mimi naogopa. Tuweke nini, tuache nini, na maoni ya wasomaji tuyafanyeje?"*

Ndugu mhariri, mwenzako amesema kweli nusu. Ni kweli kwamba hukumu ya kesi ya mauaji hapa kwetu huandikwa na jaji, tena kwa sababu anazozieleza moja baada ya nyingine, na jaji aliyezoea kazi yake anajua kutenganisha ushahidi na maneno ya mtaani. Lakini vitu vitatu mlivyo navyo mkononi haviharibu kesi kwa kumpitia jaji. Vinaiharibu kwa kuwapitia mashahidi, na shahidi akishaharibika, jaji mwenye busara kuliko wote hana la kufanya isipokuwa kuutupa ushahidi wake.

Tena sheria yenyewe haiulizi kama jaji ameyumba. Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachohusu kudharau mahakama, ambacho mawakili na waandishi wamekizoea kwa namba 114, kinamgusa mtu yeyote ambaye, shauri likiwa bado linaendelea, anachapisha au kutumia maneno au maandishi yanayopotosha mwenendo wa shauri hilo, au yanayoweza kumfanya mtu aelemee upande mmoja, au yaliyolenga kushusha mamlaka ya anayelisikiliza. Tazama neno "yanayoweza". Upande wa mashtaka haulazimiki kumleta mtu aseme, "Mimi nilisoma nikabadilika." Kwa hiyo hoja ya kwamba jaji ni imara haikuokoi.

Nyuma ya kifungu hicho kuna Katiba. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa habari, ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, na ibara ya 30(2)(d) inaruhusu sheria iweke mipaka ili kulinda heshima, mamlaka na uhuru wa mahakama. Kazi yako inafanyika katikati ya ibara hizo tatu. Sasa tuchukue kitu kimoja kimoja katika vile mlivyotumiwa.

Picha

Hii ndiyo inayoonekana haina madhara, nami naiona ndiyo ya hatari zaidi katika siku za mwanzo. Tuseme tukio lilitokea saa mbili usiku, na msaidizi wa dukani alimwona mtu akitoka mbio. Kama hakumfahamu mtu huyo kabla, polisi wataandaa gwaride la utambulisho: mtuhumiwa anapangwa pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano, kisha shahidi anaombwa amtambue. Kanuni ya msingi ya gwaride katika mahakama za Afrika Mashariki ni ya tangu 1936, katika kesi ya Mwango s/o Manaa: shahidi asiwe amemwona mtuhumiwa kabla ya gwaride.

Sasa wewe umeweka picha Jumanne, gwaride likafanyika Alhamisi. Siku ya kesi, wakili wa utetezi atamuuliza msaidizi wa dukani maswali mawili tu: una simu yenye intaneti, na unaufuata ukurasa fulani? Kisha atatoa picha ya skrini ya habari yako, ikiwa na tarehe na saa. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kujua kama shahidi alimtambua mtu aliyemwona usiku ule au mtu aliyemwona kwenye simu yake. Gwaride limekufa. Kama kijana huyo kweli ndiye aliyeua, umemsaidia kutoka. Kama siye, umemsaidia shahidi kukosea kwa uhakika zaidi, maana mtu akishaiona sura mara kadhaa kwenye skrini, kumbukumbu yake huchanganya sura hiyo na tukio, na yeye mwenyewe huapa kwa moyo safi.

Mahakama ya Rufani ilishaonya katika kesi ya Waziri Amani ya 1980 kwamba ushahidi wa utambuzi kwa macho ni dhaifu na unahitaji tahadhari kubwa. Jaji huuliza shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Jibu la hilo swali la mwisho ndilo linalokuongoza na wewe. Kama mashahidi wote walimfahamu mtuhumiwa tangu utotoni, gwaride halina kazi na madhara ya picha yanapungua sana. Kama utambuzi unabishaniwa, au hujui kama unabishaniwa, usiweke sura. Kuificha macho kwa mstari mweusi hakutoshi, kwa sababu fulana, kimo, mwendo na mtindo wa nywele vinabaki. Tumia picha ya jengo la mahakama au ya duka. Akishafikishwa mahakamani, muulize wakili wa Serikali au ofisa mpelelezi swali moja: gwaride limeshafanyika, au halitafanyika? Ukikosa jibu, endelea kutumia picha ya jengo.

Video ya kukiri

Usiiweke. Wala usiweke sekunde kumi zake, wala usiandike kwamba ipo na kusimulia kilichomo.

Kukiri mbele ya polisi, kwa sheria yetu ya ushahidi, kunaweza kupokelewa mahakamani kama kulitolewa kwa hiari. Lakini mshtakiwa akisema aliteswa, au hakusema kabisa maneno yale, Mahakama Kuu husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani yake. Mashahidi wanaitwa kueleza maelezo yalichukuliwa wapi, saa ngapi na mbele ya nani, kisha jaji anaamua kama yanapokelewa au yanakataliwa. Wasomaji waliofuatilia kesi ya Freeman Mbowe na wenzake kati ya 2021 na 2022 waliona siku ngapi zilitumika kwa jambo hilo tu. Jaji anapokaa na washauri wa mahakama, wale ambao wengi huwaita wazee wa baraza, washauri hutolewa nje kesi ndogo inaposikilizwa, ili maelezo yakikataliwa wasiwe wameyasikia. Hadi 2022 kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zililazimika kuwa na washauri. Sasa jaji anakaa nao akiona inafaa. Sheria imejenga ukuta mzima kulinda masikio ya watu wawili au watatu, na video yako ingeuruka usiku mmoja.

Mashahidi nao hawana ukuta wowote. Jirani aliyekuwa na shaka kama alimwona kijana saa moja au saa tatu, akishamwona akikiri, shaka yake huisha. Huyo hadanganyi. Anajaza pengo kwa kile anachoamini sasa kuwa ni kweli, na hata maswali ya dodoso ya wakili hodari hayataweza kumrudisha pale alipokuwa.

Kuna upande mwingine ambao wahariri wengi hawaukumbuki: video hiyo inaweza kuwa ushahidi wa utetezi. Nani aliirekodi, ndani ya chumba kipi, kwa nini ilitoka, kijana alikuwa na majeraha? Kwa hiyo kutoichapisha kusiwe kuifuta. Hifadhi faili kama lilivyokufikia, andika tarehe, saa na njia lililokufikia, nakili kwenye diski isiyotumika kwa kazi nyingine, na usilirushe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa zake za ndani, na kila anayerushiwa anakuwa mchapishaji mpya usiyeweza kumdhibiti. Kisha mwone wakili kuhusu namna ya kuifikisha kwa pande husika bila kumfichua aliyekutumia.

Alishawahi kufungwa

Mashtaka hayaruhusiwi kumwambia jaji kwamba mshtakiwa ana tabia mbaya ili kuthibitisha kosa la leo, isipokuwa mshtakiwa mwenyewe amefungua mlango kwa kujisifia tabia njema. Ndiyo maana utasikia, baada tu ya mtu kutiwa hatiani, jaji anamuuliza wakili wa Serikali kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Hapo ndipo mahali pake. Habari unayoambiwa na jirani leo ni habari halali, lakini wakati wake ni siku ya adhabu. Iweke kwenye jalada, ithibitishe kwa nakala ya hukumu ya wakati ule, na isubiri. Mara nyingi ukienda kuithibitisha utakuta aliyefungwa ni ndugu yake, au alikamatwa na kuachiwa bila kesi.

Kesi imefika wapi?

Makosa mengi ya waandishi wetu hayatokani na ubaya. Yanatokana na kutojua kesi ipo hatua gani. Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini, ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa anasomewa shtaka na kuambiwa asijibu chochote. Ukiandika "alikana shtaka" umepotosha mwenendo wa shauri, kosa lile lile linalotajwa kwanza kwenye kifungu. Ukiandika "alinyamaza alipoulizwa" umefanya vibaya zaidi, maana msomaji ataona ukimya wa mwenye hatia. Andika hivi: "Hakutakiwa kujibu shtaka kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji."

Baada ya hapo kesi hutajwa kila wiki mbili hivi huku upelelezi ukiendelea. Kutajwa si kusikilizwa. Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu. Siku hiyo ni ya mtego. Mwandishi anasikia hadithi nzima, yenye majina, saa na silaha, na anaandika "Shahidi aeleza alivyomwona mshtakiwa akiua". Hakuna shahidi aliyeeleza kitu. Karatasi ndiyo iliyosomwa, hakuna aliyeapa, hakuna aliyehojiwa na utetezi, na baadhi ya hao wanaotajwa huenda wasiitwe kamwe. Unaweza kuripoti kwamba maelezo yamesomwa, mashahidi ni wangapi na vielelezo ni vya aina gani. Undani wa kila shahidi uache mpaka apande kizimbani, kwa sababu mashahidi wenyewe wataisoma habari yako na kila mmoja atajua mwenzake alisema nini.

Hesabu muda wa tahadhari kuanzia kukamatwa, si kuanzia kusomewa shtaka, na usiuondoe siku ya hukumu. Taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30, na rufaa inaweza kuisha kwa amri ya kesi kusikilizwa upya, mashahidi wale wale wakirudi. Katika rufaa unaweza kupumua zaidi, kwa kuwa majaji watatu wanasoma kumbukumbu tu, lakini bado usiandike kana kwamba ukurasa umefungwa.

Maneno yenyewe

Hebu tuipitishe habari yako moja kwenye meza. Tuseme rasimu inasema:

"Muuaji wa mfanyabiashara maarufu afikishwa mahakamani. Kijana aliyemuua kikatili mwenye duka la jumla kwa kumchoma kisu, na ambaye kamanda wa polisi amethibitisha kuwa alikiri, jana alipandishwa kizimbani akionekana kutojutia."

Maneno manne yanaua habari hii. "Muuaji" ni hukumu. "Aliyemuua" ni hukumu ya pili. "Amethibitisha kuwa alikiri" ni kauli ya kamanda nje ya mahakama, na kuirudia hakukupi kinga ya taarifa ya mahakamani. Aliyesema atajibu lake na uliyechapisha utajibu lako. "Kutojutia" ni kusoma moyo wa mtu ambaye, kama hana hatia, hana cha kujutia. Toleo linaloweza kutoka ni hili:

"Ashtakiwa kwa mauaji ya mfanyabiashara. Mkazi mmoja wa mji huu jana alifikishwa katika Mahakama ya Wilaya na kusomewa shtaka moja la mauaji. Wakili wa Serikali alidai mshtakiwa alitenda kosa hilo tarehe iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Hakutakiwa kujibu, upelelezi haujakamilika, na kesi itatajwa tena baada ya siku 14. Amerudishwa rumande kwa kuwa shtaka hilo halina dhamana."

Jina la mshtakiwa aliye mtu mzima likishasomwa katika mahakama ya wazi unaweza kulitaja, pamoja na umri na mahali anapoishi, ili asichanganywe na mwenye jina kama lake. Kabla ya shtaka ni mtuhumiwa, baada yake ni mshtakiwa. "Amedai" na "alidai" viandike kila mara panapohitajika hata kama sentensi inachosha, msomaji atavumilia.

Hata jina la kosa lishike kama lilivyo, kwa sababu linaweza kubadilika. Baada ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba Aprili 2012, Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alishtakiwa kwanza kwa mauaji. Baadaye shtaka likawa la kuua bila kukusudia, na hilo ndilo Mahakama Kuu ilimtia nalo hatiani Novemba 2017 na kumpa kifungo cha miaka miwili. Aliyemwita muuaji 2012 alikuwa ameandika jambo ambalo hata upande wa mashtaka haukulisimamia mwishoni. Katika kesi hiyo hiyo palikuwa na ubishi kuhusu umri wake, kama alikuwa bado mtoto mbele ya sheria. Ubishi wa namna hiyo ukitokea, mchukulie kama mtoto mpaka mahakama iamue: usitaje jina, usiweke picha. Likishatoka huwezi kulirudisha.

Na mwisho wa kesi una maneno yake. Mkurugenzi wa Mashtaka akiiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea, mshtakiwa anaachiwa, lakini hajatangazwa kuwa hana hatia na anaweza kushtakiwa tena. Mahakama ikiona hana kesi ya kujibu, au ikimwachia huru mwishoni, hilo ni jambo jingine. Uliza lipi limetokea kabla hujaandika kichwa cha habari.

Siku ya ushahidi

Shahidi ambaye hajatoa ushahidi husubiri nje ya chumba cha mahakama asisikie mwenzake. Ukirusha sentensi moja moja mtandaoni kila baada ya dakika tatu, umemletea chumba mkononi pale kwenye benchi. Subiri shahidi amalize, pamoja na dodoso. Kusubiri huko kunakusaidia pia kuwa wa haki: shahidi wa Jamhuri anayetisha saa nne asubuhi anaweza kuwa amebomoka saa saba mchana, na habari yenye nusu ya kwanza tu si taarifa sahihi ya kilichotokea. Kama leo muda umeisha kabla ya dodoso, andika wazi kwamba utetezi bado haujamhoji, na kesho urudi. Ukiripoti mashtaka ukurasa wa mbele na utetezi hukuhudhuria, umeelemea upande mmoja hata kama kila sentensi uliyoandika ni kweli.

Kurekodi sauti, kupiga picha au kurusha matangazo ndani ya mahakama kunahitaji ruhusa ya jaji au hakimu. Kabla shauri halijaanza, mwone karani na uulize mambo mawili: kuna ruhusa ya kurekodi, na kuna amri yoyote ya zuio katika jalada hili? Amri ya kulinda utambulisho wa mashahidi inaweza kuwa ilitolewa wiki tatu nyuma siku ambayo hukuwepo, na kutokuwepo kwako si utetezi mzuri.

Kesi za makosa ya kujamiiana zina sheria kali kuliko hizi zote. Ushahidi husikilizwa faragha, na ushahidi huo na mashahidi wake havichapishwi. Hapa kosa la kawaida ni la vipande: ukurasa mmoja unataja shule, mwingine unasema mshtakiwa ni baba mdogo wa mtoto, wa tatu unataja kitongoji. Hakuna aliyetaja jina, na kijiji kizima kimeshamjua. Ukiona mwenzako ametaja uhusiano, wewe usitaje mahali.

Maoni ya wasomaji

Kwa habari za kesi hii, funga maoni. Najua idadi ya wasomaji itashuka. Lakini huwezi kukaa macho saa 24, na maoni yatakayokuumiza huandikwa saa saba usiku: mtu anaweka picha ya mshtakiwa uliyoikwepa wewe, mwingine anamtaja msaidizi wa dukani kwa jina na mtaa anaoishi, wa tatu anasema hakimu amekula hela. Hilo la pili linaweza kuondoa uhai wa mtu. Kama ni lazima yawe wazi, yawe ya kupitishwa na mhariri kwanza, na usitegemee maneno ya "maoni ni ya wasomaji wenyewe" chini ya ukurasa. Jukwaa ni lako, na kuyaacha yakae baada ya kuonyeshwa ni uamuzi wako.

Likishatoka

Ukigundua kosa, liondoe ndani ya dakika, si baada ya kikao. Piga kwanza picha ya skrini ya habari ilivyokuwa na saa ulipoiondoa, kwa sababu utaulizwa. Ondoa kila mahali: tovuti, Facebook, Instagram, Yutyubu, chaneli ya WhatsApp. Angalia anwani ya habari, maana kichwa hubadilishwa lakini neno "muuaji" hubaki kwenye anwani, na hujitokeza tena kila mtu anapoirusha. Andika sahihisho lisilorudia kosa: "Habari yetu ya tarehe fulani kuhusu kesi fulani ilikuwa na maelezo yasiyopaswa kuchapishwa. Tumeiondoa na tunaomba radhi kwa mahakama na kwa pande zote." Inatosha. Ukiitwa na mahakama nenda, ukiwa na wakili, na kama umekosea omba radhi mapema bila "lakini". Radhi inayokuja baada ya kubishana mwezi mzima haina uzito ule ule.

Wasomaji wa Kenya wajue kwamba hali yao ina tofauti. Sheria yao ya kudharau mahakama ya 2016 ilibatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2018, na watu wengine walidhani hatari imeondoka. Mahakama zilirudi kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, kinachozipa mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Huko Uingereza mwaka 2011 magazeti mawili, Daily Mirror na The Sun, yalitozwa pauni 50,000 na 18,000 kwa kuandika vibaya kuhusu mtu aliyekamatwa kwa mauaji na ambaye hakuwahi kushtakiwa. Muuaji alikuwa mwingine. Kuhusu kukiri, Kenya ni kali kuliko sisi: hakupokelewi isipokuwa kumefanyika mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo. Video ya kituoni huko haina hata nafasi ya kuanzia.

Hayo yote hayakufungi mdomo. Andika maisha ya marehemu na pengo aliloacha sokoni. Andika kuhusu wizi wa usiku katika maduka ya jumla mkoani kwenu, ulinzi, taa za barabarani, bila kuunganisha sababu hizo na mshtakiwa huyu. Fungua daftari la kesi yenyewe: imetajwa mara ngapi, sababu gani ilitolewa kila mara, kijana yuko rumande siku ya ngapi. Ukiandika "kesi imetajwa kwa mara ya 19 na upelelezi bado" hujamhukumu mtu yeyote, na umefanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya. Mshtakiwa akilalamika mbele ya hakimu kwamba amepigwa, hayo ni maneno ya mahakamani: yaandike kama alivyoyasema, na andika hakimu aliamuru nini. Hukumu ikitoka, isome yote, iwe kwa nakala ya mahakama au kwenye tanzlii.org, halafu ikosoe hoja kwa hoja ukiona inastahili. Kusema jaji amekosea kupima ushahidi wa utambuzi ni ukosoaji. Kusema amenunuliwa, bila ushahidi, ndiko kunakokurudisha kwenye kifungu tulichoanza nacho.

Kwa wiki hii, basi: taarifa fupi ya shtaka kama nilivyoiandika hapo juu, picha ya jengo, maoni yamefungwa, video kwenye diski kabatini, na mwandishi mmoja mwenye daftari siku kesi itakapotajwa.